Kugawa makro za rosti moja kwenye sufuria tatu, mafuta yakipimwa kwa kijiko

Jumapili asubuhi hapa Moshi napika rosti moja kubwa ya vitunguu na nyanya, kisha naigawa. Sehemu inaingia kwenye machalari ya mchana, sehemu inaunga maharage, kidogo kinakwenda kwenye mchicha, na kopo moja linawekwa kwenye friji lisubiri Alhamisi. Gesi inaokoka na muda pia. Kwa anayehesabu makro, yaani wanga, protini na mafuta, linabaki swali moja: mafuta niliyomimina asubuhi mara moja yameishia kwenye chakula kipi, na kwa kiasi gani?

Kwa muda mrefu nilijibu kwa kukisia. Vijiko vinane, vyakula vinne, basi kila chakula vijiko viwili. Hesabu hiyo ni ya uongo, kwa sababu mchicha hauli rosti sawa na machalari. Nilijiwekea gramu 55 za mafuta kwa siku, na siku nyingine daftari lilisema nimefika 40 wakati kweli nilikuwa nimepita 60. Njia ninayoeleza hapa ndiyo iliyonitoa huko. Inahitaji mzani mdogo wa jikoni, ingawa mwishoni nitamwonyesha pia asiye na mzani la kufanya.

Kwanza, kijue kijiko chako

Usianze na nyanya, anza na kijiko. Kijiko cha chakula kinachoandikwa kwenye vitabu vya mapishi kina mililita 15, na mafuta ya kupikia yanayojaa humo yana uzito wa karibu gramu 14. Vijiko vya kwenye kapu letu la vyombo havijui habari hiyo. Kimoja ni kifupi na chenye kina, kingine kipana lakini bapa, na kile cha kupakulia wali ni jamii nyingine kabisa.

Weka kikombe kikavu juu ya mzani, bonyeza kitufe kilichoandikwa TARE usomeke sifuri, kisha mimina vijiko 10 vya mafuta, kila kimoja ukijaze vilevile unavyojaza siku zote ukipika. Soma uzito, gawa kwa 10, halafu rudisha mafuta kwenye chupa. Tunapima vijiko 10 badala ya kimoja kwa sababu mzani wa jikoni hukosea gramu moja au mbili, na kosa hilo likigawanywa kwa 10 halina madhara. Kijiko changu kilinipa gramu 110 kwa vijiko 10, kwa hiyo kimoja ni gramu 11. Nimekifunga uzi mwekundu kwenye mpini na hakitumiki kwa kazi nyingine.

Uzi ule una sababu. Siku moja wifi yangu alinisaidia kupika. Nilipotaka kuandika nikamuuliza mafuta yaliyoingia.

"Nimeweka vijiko vinne tu, wifi, najua unajihesabia."

"Kwa kijiko gani?"

Akanyanyua kijiko cha kupakulia. Tulikipima pale pale: gramu 24. Vinne vyake vilikuwa gramu 96, vinane vyangu ni gramu 88. Alikuwa ameweka mafuta mengi kuliko mimi huku akiamini amenipunguzia nusu, na kwa nia njema kabisa.

Jambo jingine la kijiko ni baridi. Mwezi wa 6 na wa 7, Moshi na Arusha, mafuta yenye asili ya mawese huganda ndani ya ndoo. Yaliyoganda hayamwagiki ukingoni, yanasimama juu ya kijiko kama kichuguu, na kijiko kimoja kinaweza kubeba karibu mara mbili ya kawaida. Zamisha chombo cha mafuta kwenye maji ya moto mpaka yayeyuke, ndipo upime. Alizeti haina tabu hiyo.

Pima vinavyoingia, lakini ujue kipi cha kukazania

Menya vitunguu ndipo uvipime, maana maganda hayaliwi. Nyanya pima baada ya kutoa vikonyo na sehemu zilizooza. Usitegemee sado: muuzaji mmoja anaijaza kwa kilele, mwingine anaisawazisha, na nyanya kubwa huacha nafasi nyingi katikati kuliko ndogo. Jumapili niliyoichukua kuwa mfano nilikuwa na gramu 600 za vitunguu vyekundu vya Mang'ola, gramu 1,500 za nyanya, gramu 200 za karoti na vijiko 8 vya mafuta, yaani gramu 88.

Katika kila gramu 100, kitunguu kibichi kina wanga gramu 9 na kidogo, nyanya ina karibu gramu 4, karoti gramu 9 na nusu. Protini katika vyote vitatu ni kama gramu moja tu, na mafuta karibu hakuna. Ukijumlisha sufuria yote inakuwa hivi:

Wanga: gramu 134
Protini: gramu 22
Mafuta: gramu 92 (88 za kijiko, 4 za mboga zenyewe)
Kalori: 1,380 hivi

Anayezidisha wanga kwa 4, protini kwa 4 na mafuta kwa 9 atapata namba kubwa kidogo kuliko 1,380. Hajakosea. Ndani ya wanga huo zimo nyuzinyuzi, ambazo mwili hauzitumii kama wanga mwingine.

Sasa tazama uzito wa makosa. Ukikosea nyanya kwa gramu 200, umekosea wanga gramu 8 kwa sufuria nzima, kalori 36, tena zinagawanywa kwa watu wote watakaokula. Ukisahau kijiko kimoja cha mafuta, umekosea karibu kalori 100. Ndiyo maana mkono wangu ni mlegevu kwenye nyanya na mkali kwenye mafuta. Kitunguu saumu, tangawizi na hoho moja siviandiki kabisa. Nyanya ya kopo naiandika, kwa sababu imekamuliwa maji: kikopo cha gramu 70 kina wanga kama gramu 13.

Pika, na usiingize nyama

Kabla ya kuwasha jiko, pima sufuria tupu bila mfuniko na uandike. Yangu ni gramu 740. Ukisahau hapa, baadaye utalazimika kuhamisha rosti ya moto kwenye chombo kingine ili upate uzito wake, na mafuta mengi yatabaki kwenye kuta za sufuria ya kwanza.

Mafuta yaingie, vitunguu vilainike, karoti, kisha nyanya. Funika mpaka nyanya zipondeke, halafu funua uache maji yakauke huku ukikoroga. Nyanya kilo moja na nusu hunichukua kama dakika 40. Rosti imeiva pale mwiko ukipita katikati unaacha njia inayoonekana kwa muda kidogo, na mafuta yanajitokeza pembeni kwa duara jekundu.

Nyama isiingie humu. Wapo wanaokaanga nyama kwenye rosti yote ndipo wanapunguza ya maharage. Ladha ni nzuri, sikatai, lakini mafuta ya nyama yameshachanganyika na ya kijiko na hakuna mzani utakaoyatenganisha. Chochote chenye makro yake, iwe nyama, tui la nazi au karanga, kiingie baada ya rosti kugawanywa, na kihesabiwe kwenye sufuria yake tu.

Gawa kwa uzito wa rosti iliyoiva

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Vilivyoingia kwenye sufuria yangu vilikuwa na uzito wa gramu 2,388 vikijumlishwa na mafuta. Rosti ilipoiva, mzani ulisoma 2,240, ukitoa sufuria 740 inabaki gramu 1,500. Zile gramu 900 hivi zilizopotea ni maji yaliyoondoka kwa mvuke. Wanga haukuondoka, na mafuta hayakuondoka. Yote yamebaki ndani ya gramu 1,500.

Kwa hiyo gramu 92 za mafuta zigawe kwa 1,500, si kwa 2,388. Ukigawa kwa uzito wa vitu vibichi utapata gramu 3.9 za mafuta kwa kila gramu 100 za rosti, wakati ukweli ni gramu 6.1. Ukichota gramu 300 utaandika 12 na utakula 18. Makosa ya namna hii hayajionyeshi, kwa sababu kila hatua ya hesabu inaonekana sawa. Dalili ni moja: ukijumlisha mafuta uliyoyaandika kwa vyakula vyote, hayafiki yale yaliyoingia. Jumla lazima irudi.

Mimi natumia njia rahisi zaidi ya kufikiria, nayo ni mafungu. Gramu 1,500 ni mzima. Machalari yakichukua 600, yamechukua mafungu 4 kati ya 10. Basi yamechukua 4 kati ya 10 ya kila kitu: wanga, protini, na vijiko. Daftari langu la siku ile lilisomeka hivi:

Machalari, gramu 600: vijiko 3.2, mafuta 37, wanga 54, protini 9
Maharage, gramu 450: vijiko 2.4, mafuta 28, wanga 40, protini 7
Kopo la friji, gramu 300: vijiko 1.6, mafuta 18, wanga 27, protini 4
Mchicha, gramu 150: kijiko 0.8, mafuta 9, wanga 13, protini 2

Jumlisha vijiko: 3.2 na 2.4 na 1.6 na 0.8 ni 8. Vimerudi vyote. Naandika vijiko pembeni ya gramu kwa sababu namba za kijiko nazielewa kwa macho. Nikiona mchicha una chini ya kijiko kimoja cha mafuta, najua ni mchicha wa kawaida. Ningeona vijiko vitatu ningejua nimekosea kabla sijagusa kikokotoo.

Namna ya kuchota pia ina utaratibu wake. Acha sufuria juu ya mzani, weka kitambaa kinene chini yake kama mzani wako haupendi joto, na bonyeza TARE. Kila ukichota, mzani unasoma namba hasi: ukiona -600 machalari yamepata yao. Chakula cha mwisho kiwe maharage, kwa sababu maharage yana supu. Mimina upawa mmoja wa supu yake kwenye sufuria ya rosti, sugua pembeni na chini kwa mwiko, rudisha kwenye maharage. Kile kinachoganda kwenye kuta za sufuria ni cha mafuta zaidi kuliko rosti yenyewe, na njia hii inahakikisha hakipotei wala hakimwagwi kwenye sinki huku daftari likisema umekila.

Mafuta hupanda juu

Hesabu ya mafungu inakuwa kweli kama kila upawa una mafuta sawa. Rosti iliyoiva haiko hivyo. Ukiitazama ikiwa imetulia kwa dakika 5, utaona kioo chekundu juu kinachozunguka vipande vya karoti, na chini yake uji mzito usiong'aa. Anayechota kwanza kwa kugusa juu juu anabeba mafuta ya wenzake, na anayechota mwisho anabaki na nyanya.

Ondoa sufuria motoni, subiri mapovu yaishe, kisha koroga kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, uguse kitako cha sufuria. Chota mara moja. Koroga tena kabla ya upawa unaofuata, kila upawa, hata kama umekoroga sekunde chache zilizopita. Upawa ushuke mpaka katikati ya rosti.

Utajuaje kama ulikosea? Kopo la friji ndilo shahidi. Asubuhi yake litazame kwa pembeni kupitia kioo. Mafuta ya mawese yatakuwa yametengeneza utando mgumu wa rangi ya chungwa juu, alizeti itakuwa tabaka jembamba linalotembea ukiinamisha kopo. Utando mwembamba ni wa kawaida. Ukiona unene wa kidole kwenye kopo la gramu 300, ulilijaza kwa mafuta ya juu, na maharage ya jana yalikuwa makavu kuliko ulivyoandika. Sahani nazo husema: mchicha ukiacha dimbwi linalong'aa huku maharage hayana hata tone, mgawo haukuwa sawa.

Kukoroga kuna mpaka wake. Kwa vijiko 8 kwenye nyanya kilo moja na nusu, rosti inayashika mafuta vizuri kwa muda wa kuchota. Ukiweka vijiko 15, hata ukoroge namna gani yatajitenga kabla upawa haujafika kwenye sufuria ya pili. Kwa rosti ya namna hiyo usigawe kwa uzito. Fanya kinyume: pika rosti kwa vijiko 2 tu, vya kuzuia vitunguu visiungue, ukifunika zaidi na kuongeza maji kidogo. Kisha kila chakula kiongezewe vijiko vyake kwenye sufuria yake. Vitunguu havitapata ule ukaango wa rangi ya dhahabu, na mtu anayependa rosti ya kung'aa ataona tofauti. Lakini mafuta ya kila chakula utayajua kamili, bila kugawa chochote isipokuwa vile viwili. Kama ndani ya nyumba kuna mtu mmoja ambaye mafuta yake yanatakiwa kujulikana kwa uhakika, hii ndiyo njia ninayomshauri.

Na ukiengua mafuta ya juu ili uyahifadhi, yaengue kabla ya kugawa, uyapime, na uyatoe kwenye jumla. Ukiengua gramu 20, zile 92 zinakuwa 72. Kwa kawaida unachoengua kina majimaji ya nyanya pia, kwa hiyo kiache kitulie kwenye kikombe, mwaga majimaji ya chini, ndipo upime.

Kutoka sufuria hadi sahani

Chukua maharage. Nilichemsha gramu 500 za maharage makavu, ambayo yana protini karibu gramu 118, wanga gramu 300 na mafuta gramu 4. Nikaongeza fungu lake la rosti: protini 7, wanga 40, mafuta 28. Sufuria nzima sasa ina protini 125, wanga 340, mafuta 32. Baada ya kuungwa na kuchemka na supu yake, uzito wake bila sufuria ulikuwa gramu 1,800. Sahani yangu ilikuwa gramu 300, ambayo ni moja ya sita. Hivyo nilikula protini 21, wanga 57, mafuta 5 na kidogo. Ni kanuni ileile ya mafungu imetumika mara ya pili, na mara zote mbili tumepima chakula kilichoiva.

Mtego uliopo hapa ni kuunga mara ya pili. Watu wengi huchukua rosti iliyokwisha iva, halafu wakati wa kuunga mchicha wanaweka tena kijiko cha mafuta kwenye kikaango "ili isishike." Kijiko hicho hakimo kwenye zile gramu 92. Ni cha mchicha peke yake, na kwa mchicha wangu kingeongeza mafuta kutoka gramu 9 hadi 20. Pasha rosti yenyewe kwanza, ina mafuta ya kutosha kutoshika.

Kama huna mzani

Nunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, lisilo na sindano. Vuta nalo maji ya kujaza kijiko chako, soma mililita, zidisha kwa 0.92, utapata gramu za mafuta. Kijiko cha mililita 12 ni gramu 11.

Kwa kugawa, tumia upawa mmoja usiobadilika. Rosti ikishaiva, ihamishe yote kwenye bakuli kubwa ukihesabu pawa, ukikoroga kila mara. Kama zimetoka pawa 10 na uliweka vijiko 8 vya mafuta, kila upawa una kijiko 0.8. Machalari pawa 4, maharage 3, kopo 2, mchicha 1. Hautakuwa mgawo wa gramu kwa gramu, lakini tofauti yake na wa mzani ni ndogo kuliko tofauti ya kijiko changu na cha wifi.

Kopo la Alhamisi

Usichote rosti ya friji ikiwa ya baridi. Ule utando wa juu utauchukua wote au utauacha wote. Tumbukiza kopo kwenye maji ya moto, si yanayochemka kama ni la kioo, mpaka utando uyeyuke, kisha koroga kutoka chini. Mimi naligawa mara mbili: gramu 150 kwa mayai ya asubuhi, gramu 150 kwa dagaa wa usiku, kila upande vijiko 0.8 vya mafuta. Mayai yana mafuta yake, kama gramu 5 kwa yai moja, nayo naandika mstari wa chini yake, mbali na rosti.